Kutoka asaili kloridi hadi esta na amidi: mwongozo kamili wa mpangilio wa wepesi wa kumenyuka

Chukua chupa moja ya benzoili kloridi, C6H5COCl. Ukiitikisa na fenoli iliyoyeyushwa kwenye hidroksidi ya sodiamu, unapata esta. Ukiitikisa na anilini, unapata amidi. Sasa jaribu kurudi nyuma: chukua esta hiyo au amidi hiyo, uitie kwenye maji yaliyojaa chumvi ya mezani, uichemshe utakavyo. Benzoili kloridi hairudi, japo ioni za kloridi zimejaa mle ndani. Mwanafunzi akielewa kwa nini njia ya kwenda ipo na ya kurudi haipo, maswali ya kugeuza kampaundi moja kuwa nyingine humwendea vizuri, kwa sababu haongozwi tena na kukariri.

Mwongozo huu nimewaandikia wanafunzi wa S.5 na S.6 wanaojiandaa kwa kemia ya UACE, P525, na wale wa mwaka wa kwanza wa Makerere, Kyambogo, Gulu au Mbarara ambao wamefika maabara na kukuta chupa ya benzoili kloridi inawasubiri. Nitakaa zaidi na benzoili kloridi kuliko ethanoili kloridi, CH3COCl, kwa sababu ndiyo tunayoweza kuitumia kwa mikono yetu bila kuijaza maabara moshi.

Mpangilio wenyewe na chanzo chake

Vizalia vya asidi za kaboksili vyote vina kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa bondi mbili, C=O. Tofauti yao ni kile kilichoning'inia upande wa pili wa kaboni hiyo. Kuanzia chenye haraka zaidi kumenyuka:

RCOCl > (RCO)2O > RCOOR' > RCONH2

Yaani asaili kloridi, kisha anhidridi, kisha esta, kisha amidi. Asidi yenyewe, RCOOH, hukaa karibu na esta. Ikishapoteza protoni na kuwa RCOO⁻ huanguka chini kabisa ya wote, kwa maana ina chaji hasi na mshambuliaji mwenye jozi ya elektroni haikaribii kwa urahisi.

Sababu ya kwanza ni kile kinachoondoka. Mmenyuko wa familia hii una hatua mbili. Kwanza mshambuliaji, tuseme molekuli ya amini, anaingia kwenye kaboni ya C=O; elektroni za bondi ya pili zinasukumwa juu ya oksijeni, na kwa muda mfupi kaboni inakuwa na majirani wanne. Kisha oksijeni inarudisha elektroni zake, bondi mbili inajengwa upya, na jirani mmoja lazima atoke. Anayetoka ni yule ambaye ni besi dhaifu kuliko wenzake, kwa sababu besi dhaifu huridhika kukaa na jozi yake ya elektroni peke yake.

Hapo pKa zinasema kila kitu. HCl ina pKa ya karibu -7, kwa hiyo Cl⁻ ni besi dhaifu mno na huondoka bila kusita. Asidi ya ethanoiki ina pKa 4.76, kwa hiyo ioni ya ethanoati, inayotoka kwenye anhidridi, huondoka kwa urahisi wa kadiri. Ethanoli iko karibu na 16. Ioni ya ethoksidi inatoka kwa shida. Amonia, ikihesabiwa kama asidi, iko karibu na 38, na NH2⁻ kwa hakika haitoki yenyewe: sharti kwanza ipewe protoni au isukumwe kwa joto na besi kali kwa muda mrefu. Panga namba hizo nne kutoka ndogo kwenda kubwa na umepata mpangilio ule ule ulioandikwa juu. Hakuna haja ya kuukariri.

Sababu ya pili inaelekeza kule kule. Naitrojeni ya amidi ina jozi ya elektroni ambayo inaimega na kuipa kaboni ya C=O, hivyo kaboni inapungukiwa na uchu wake wa elektroni na mshambuliaji havutwi sana. Oksijeni ya esta hufanya vivyo hivyo lakini kwa kiasi kidogo, kwani inashikilia elektroni zake kwa nguvu zaidi kuliko naitrojeni. Klorini inavuta elektroni kuelekea kwake, na haina cha maana cha kurudisha: obiti yake ya 3p ni kubwa na hailingani vyema na ile ya 2p ya kaboni. Kaboni ya asaili kloridi inabaki na njaa ya elektroni.

Ukitaka kuyaona haya kwenye mirija ya majaribio, weka maji baridi kwenye mirija minne. Tone la ethanoili kloridi linachemka juu ya maji na kutoa moshi mweupe wa HCl. Anhidridi ya ethanoiki inazama chini na kukaa, kisha inapotea polepole, na harufu ya siki inatokea hasa ukipasha moto kidogo. Ethili ethanoati inaelea kama tabaka juu ya maji na itaelea hivyo siku nzima usipoichemsha na asidi au besi. Ethanamidi inayeyuka mara moja, na hapa wengi hudanganyika: kuyeyuka si kumenyuka. Ichemshe na hidroksidi ya sodiamu ndipo karatasi nyekundu ya litmasi iliyoloa, ikishikwa mdomoni mwa mrija, inageuka buluu kwa amonia.

Jambo moja zaidi kabla ya kushika chupa. Benzoili kloridi ni mpole kuliko ethanoili kloridi. Pete ya benzini inaipa kaboni ya C=O elektroni kidogo, tena haichangamani na maji; hukaa chini kama mafuta yenye densiti ya gramu 1.21 kwa kila mililita. Upole huu ndio uliomwezesha Carl Schotten mwaka 1884, na Eugen Baumann mwaka 1886, kufanya kazi ya asaili kloridi ndani ya maji yenye besi, jambo ambalo kwa ethanoili kloridi lingekuwa ni kuimwaga tu.

Chupa kwanza

Sehemu kubwa ya nchi yetu ina hewa yenye unyevu, na maabara za Entebbe, Kampala na Jinja zilizo karibu na Ziwa Victoria huupata zaidi. Benzoili kloridi inayofunguliwa mara kwa mara hunywa unyevu huo na kugeuka asidi ya benzoiki. Dalili ziko wazi: fuwele nyeupe zimejikusanya shingoni mwa chupa, kizibo kimeng'ang'ania, na wakati mwingine fuwele zimeshuka hadi chini. Kimiminika kilicho juu bado kinaweza kutumika kwa kazi ya darasani, lakini ukubali kwamba sehemu ya ujazo unaopima si kloridi tena. Ndiyo maana vipimo nitakavyotoa vina kloridi ya ziada.

Kimiminika hiki kinachoma ngozi na mvuke wake unatoa machozi. Pimia ndani ya kabati la kutolea moshi. Kama shule haina kabati hilo, mwalimu apime mwenyewe mlangoni penye upepo unaokwenda nje, na wanafunzi wapewe mirija iliyokwisha kupimwa. Glavu na miwani ya usalama si za hiari. Fenoli huunguza ngozi na kuifanya nyeupe kabla hujasikia maumivu, na anilini hupenya ngozi na kuharibu damu isiweze kubeba oksijeni.

Kutengeneza esta: fenili benzoati

Fenoli ni dhaifu kama mshambuliaji, ila ukiipokonya protoni inakuwa fenoksidi, C6H5O⁻, ambayo inashambulia vizuri. Hapo ndipo hidroksidi ya sodiamu inafanya kazi yake ya kwanza. Kazi ya pili ni kuila HCl inayotoka.

C6H5ONa + C6H5COCl → C6H5COOC6H5 + NaCl

Pima gramu 1.0 ya fenoli uiweke kwenye flaski ya koni yenye kizibo cha mpira. Ongeza mililita 15 za hidroksidi ya sodiamu ya asilimia 10, yaani gramu 10 kwa kila mililita 100. Tikisa hadi fenoli yote iyeyuke, kisha weka flaski kwenye beseni la maji baridi. Ongeza mililita 2 za benzoili kloridi, lakini si kwa mkupuo mmoja: tia karibu nusu mililita, funga, tikisa kwa nguvu, fungua kizibo kidogo kutoa msukumo, kisha tia nyingine. Ukimaliza kutia, endelea kutikisa dakika 15 hadi 20.

Kwa nini kutikisa sana hivyo? Kwa sababu kloridi iko kwenye mafuta na fenoksidi iko kwenye maji, na vinakutana mpakani tu. Ukitikisa kivivu, matone yanabaki makubwa, mpaka unakuwa mdogo, na kile kitu kigumu kinachotokea kinayafunika matone na kuifungia kloridi ndani yake. Utaona uvimbe mweupe unaonata, nao ukiubonyeza unatoa ile harufu kali ya kuchoma pua. Dawa yake ni kuuponda kwa fimbo ya kioo na kurudi kutikisa. Usiende hatua inayofuata mpaka harufu ya kloridi imetoweka.

Hapo jaribu litmasi. Mchanganyiko lazima bado uwe na besi. Tuhesabu tuone kama ilitosha. Fenoli gramu 1.0 ni moli 0.0106. Benzoili kloridi mililita 2 ni gramu 2.42, na kwa uzito wa molekuli 140.6 ni moli 0.0172. Hidroksidi ni mililita 15 za 2.5 M, yaani moli 0.0375. Esta inatumia moli 0.0106 za hidroksidi. Kloridi ya ziada, moli 0.0066, ikigeuka benzoati inatumia mara mbili yake, moli 0.0132, kwa kuwa besi inalipia HCl na pia asidi ya benzoiki. Jumla ni karibu moli 0.024, na tumebaki na akiba. Litmasi ikionyesha asidi, maana yake ulikosea kupima au hidroksidi yako ilikuwa imekaa wazi ikanywa kaboni dioksidi; ongeza mililita chache na uendelee kutikisa.

Chuja, na uoshe kwa maji baridi mengi. Besi iliyobaki ndiyo inayokusaidia hapa: imeigeuza asidi ya benzoiki kuwa benzoati ya sodiamu, ambayo inayeyuka na kupita kwenye karatasi ya chujio. Ukitaka kuamini, chukua majimaji yaliyochujwa, yatie asidi ya haidrokloriki, na utaona asidi ya benzoiki inaanguka kama theluji. Kiasi kinachoanguka kinakueleza ni kloridi ngapi iliyoliwa na maji badala ya fenoli.

Kusafisha ni kwa kuyeyusha ndani ya ethanoli yenye joto na kuacha ipoe, na hapa kuna mtego wa kweli. Fenili benzoati huyeyuka kwa nyuzi 69 hadi 70. Ethanoli huchemka kwa nyuzi 78 usawa wa bahari, na pungufu kidogo kwetu kwa sababu Kampala iko karibu mita 1,200 juu. Ukitumia ethanoli kidogo inayochemka, esta inayeyuka yenyewe na kuanguka kama mafuta chini ya flaski, na mafuta hayo yanaganda pamoja na uchafu wake. Tumia ethanoli nyingi kidogo, usipite nyuzi 60, na uache ipoe polepole kabla ya kuweka kwenye barafu. Fuwele safi ni nyeupe zinazong'aa. Kiasi cha juu kabisa kinachowezekana ni gramu 2.1, ukipata gramu 1.5 umefanya vyema.

Kuhusu mwinuko, kumbuka tofauti hii unapolinganisha matokeo yako na majedwali: kiwango cha kuchemka kinashuka kadiri unavyopanda juu, na maji ya Kampala huchemka karibu nyuzi 96. Kiwango cha kuyeyuka hakisumbuliwi na mwinuko. Kwa hiyo ukipata fenili benzoati inayoyeyuka nyuzi 64, usiulaumu mwinuko. Bado ina unyevu au uchafu.

Na kama alkoholi ni ethanoli?

Mbinu ya maji na besi inafaa fenoli kwa sababu fenoksidi hutengenezwa kwa urahisi humo. Ethanoli haifanyi hivyo. pKa yake ya 16 iko juu ya ile ya maji, kwa hiyo hidroksidi haiigeuzi ethoksidi kwa kiasi cha kutosha, na maji yanashindana nayo. Hapa unatakiwa ethanoli kavu, ya ziada, na piridini ya kuila HCl:

C6H5COCl + C2H5OH → C6H5COOC2H5 + HCl

Kloridi hutiwa polepole kwenye ethanoli iliyopozwa, kisha mchanganyiko hupashwa moto taratibu. Ethanoili kloridi haihitaji moto hata kidogo. Inalipuka kwa joto lake yenyewe ukiitia haraka.

Wanafunzi huuliza kama waragi itafaa, na swali hilo linastahili hesabu. Chukua kinywaji cha asilimia 40 kwa ujazo. Katika mililita 100 kuna takriban gramu 31.6 za ethanoli, ambazo ni moli 0.69. Maji ni karibu gramu 60, moli 3.3. Kwa kila molekuli 1 ya ethanoli kuna karibu molekuli 5 za maji zinazoisubiri kloridi ile ile. Utapata asidi ya benzoiki. Hata spiriti ya asilimia 96 inapoteza kidogo, ingawa kwa darasa hasara hiyo inavumilika ukiongeza kloridi.

Kutengeneza amidi: benzanilidi

Anilini ni mshambuliaji mzuri kuliko maji na haihitaji kupokonywa protoni. Kwa nini basi tunaweka hidroksidi? Swali hili ndilo linalopoteza alama nyingi kuliko yote, kwa hiyo tulitazame kwa utulivu.

Ukichanganya anilini na benzoili kloridi bila besi nyingine, HCl inayotoka haiendi mbali. Inakutana na molekuli nyingine ya anilini na kuigeuza chumvi, C6H5NH3Cl. Jozi ya elektroni ya naitrojeni sasa imefungwa na protoni, na chumvi hiyo haiwezi kushambulia chochote. Mlinganyo wa kweli ni huu:

2C6H5NH2 + C6H5COCl → C6H5CONHC6H5 + C6H5NH3Cl

Nusu ya anilini yako imekuwa besi. Kama ulianza na moli sawa za pande zote mbili, mmenyuko unasimama nusu njia na kloridi inabaki. Una njia mbili: uweke amini mara mbili, au uweke besi ya bei nafuu ya kuichukua HCl. Kwa amonia, ambayo ni rahisi, tunaweka ya ziada. Kwa anilini tunaweka hidroksidi ya sodiamu. Kwenye karatasi ya mtihani ukiandika amonia moja tu na kutoa HCl upande wa kulia, umeandika amonia na HCl zikiishi pamoja kwa amani, jambo lisilotokea.

Kwa mikono: tia mililita 1.0 ya anilini, ambayo ni gramu 1.02 au moli 0.011, kwenye flaski yenye mililita 15 za hidroksidi ya asilimia 10. Haitayeyuka yote, itaelea kama matone, na hilo ni sawa. Poza. Ongeza mililita 1.5 za benzoili kloridi kwa mafungu madogo ukitikisa kwa nguvu kama mwanzo. Flaski itapata joto. Ikipata joto lisilovumilika mkononi, umekwenda haraka, na hidroksidi inaila kloridi yako kabla ya anilini. Irudishe kwenye maji baridi. Kitu cheupe kitaanza kuonekana ndani ya dakika chache, na baada ya dakika 10 hadi 15 harufu ya kloridi itakuwa imekwisha.

Ongeza maji kidogo, chuja, osha kwa maji mengi. Ikiwa unashuku anilini imebaki, maana harufu yake ya samaki haifichiki, osha mara moja kwa asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, kisha kwa maji tena: anilini inageuka chumvi na kuondoka, amidi inabaki kama ilivyo. Hilo pekee linakuonyesha kwamba jozi ya naitrojeni ya amidi imeshughulishwa kwingine. Anilini ni besi. Benzanilidi si besi ya kuhesabiwa.

Safisha kwa ethanoli ya moto. Hapa huna hofu ya mafuta, kwa kuwa benzanilidi huyeyuka karibu nyuzi 163, mbali juu ya kiwango cha kuchemka cha ethanoli. Kiasi cha juu kabisa ni gramu 2.16. Fuwele zako zikiyeyuka karibu nyuzi 120, shuku asidi ya benzoiki, ambayo huyeyuka nyuzi 122. Weka punje chache kwenye bikaboneti ya sodiamu, na mapovu ya kaboni dioksidi yatakuthibitishia. Benzanilidi haitoi mapovu.

Tahadhari kuhusu jaribio la amonia nililolitaja: linafaa kwa ethanamidi na benzamidi, ambazo naitrojeni yake ina haidrojeni mbili. Benzanilidi ikivunjwa inatoa anilini, siyo amonia, na tena inavunjika kwa shida, hasa kwa kuchemshwa muda mrefu na asidi ya salfuriki kali. Litmasi isipobadilika usiseme "hii si amidi".

Tofauti hii ya uthabiti kati ya esta na amidi iko hata kwenye kabati la dawa nyumbani. Aspirini ina esta ndani yake. Vidonge vikikaa mahali penye unyevu na joto hunuka siki, kwa sababu maji yameivunja esta na kutoa asidi ya ethanoiki. Parasetamoli ina amidi, na haifanyi hivyo. Parasetamoli inafundisha na jambo la pili: hutengenezwa kwa anhidridi ya ethanoiki na molekuli yenye NH2 upande mmoja na OH ya fenoli upande mwingine, na anhidridi huchagua NH2. Naitrojeni inagawa elektroni zake kwa urahisi kuliko oksijeni, kwa hiyo bila besi ya kuipokonya fenoli protoni, amini hushinda.

Swali la mtihani lililofanyiwa kazi

Tuseme umeambiwa uonyeshe jinsi benzamidi inavyoweza kugeuzwa kuwa ethili benzoati. Jibu la haraka ambalo wengi huandika ni benzamidi na ethanoli, moto, asidi kidogo. Weka mpangilio mbele yako: amidi iko chini ya esta. Unaomba NH2 iondoke ili ethanoli ikae. Hiyo si njia ya kuandika. Kupanda juu kunahitaji kupita kwenye asidi, na kutoka kwenye asidi kuna kitu kimoja kinachokurusha hadi kileleni: thionili kloridi, SOCl2, au fosforasi pentakloridi, PCl5.

Hatua ya kwanza, vunja amidi. Chemsha na asidi ya haidrokloriki au salfuriki iliyozimuliwa, kwa kondensa ya kurudisha mvuke:

C6H5CONH2 + H2O + H⁺ → C6H5COOH + NH4⁺

Asidi inatoa protoni kwa amidi, kisha kinachoondoka ni NH3 na si NH2⁻, na amonia hiyo inafungwa mara moja kama NH4⁺ isiweze kurudi kushambulia. Ndiyo sababu hatua hii inafika mwisho. Ukitumia besi badala ya asidi, unapata benzoati ya sodiamu, na usisahau kuitia asidi kabla ya kuendelea.

Hatua ya pili, panda juu:

C6H5COOH + SOCl2 → C6H5COCl + SO2 + HCl

Chemsha mpaka gesi zikome. Zote mbili zinakwenda zao hewani na kukuachia kloridi, na thionili kloridi iliyobaki huondolewa kwa kukenekwa, kwani inachemka nyuzi 76 na benzoili kloridi nyuzi 197. Asidi lazima iwe kavu. Mtahini hutegemea kuona neno hilo, na maabara pia: kila molekuli ya maji inaharibu molekuli ya thionili kloridi.

Hatua ya tatu, shuka ngazi mbili hadi esta: ethanoli kavu na piridini, kama tulivyokwisha kuona.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusiende moja kwa moja kutoka asidi hadi esta kwa ethanoli na asidi ya salfuriki kali. Inawezekana, na ni jibu halali. Ila mmenyuko huo ni wa kwenda na kurudi, hausogei wote upande wa kulia mpaka uweke ethanoli nyingi au uondoe maji. Kwa kupitia kloridi, kurudi hakupo. Chagua ukijua unachochagua, na uandike masharti ya njia uliyoichagua.

Kwa amidi, njia ya mkato kutoka asidi ni mbovu zaidi. Ukitia amonia kwenye asidi ya benzoiki, besi na asidi vinakutana kwanza na unapata benzoati ya amoniamu, C6H5COONH4, iliyo chini kabisa ya mpangilio. Sharti uipashe moto sana ndipo itoe maji na kuwa amidi. Kwa hiyo ukiulizwa ugeuze ethili benzoati kuwa benzanilidi, andika: chemsha na hidroksidi ya sodiamu, tia asidi ya haidrokloriki, chuja na kausha asidi ya benzoiki, chemsha na SOCl2, kisha tia anilini pamoja na hidroksidi ya sodiamu baridi ukitikisa. Hatua hizo tano zina maelezo ya kutosha kumfanya mtu aliye na chupa mezani aanze kazi.

Kilichobaki cha kloridi usikimwage kwenye sinki. Kitie kidogo kidogo kwenye hidroksidi ya sodiamu iliyopozwa, tikisa mpaka harufu iishe, ndipo umwage kwa maji mengi. Chupa yenyewe ifutwe shingo kwa karatasi kavu, ifungwe barabara, na iwekwe kwenye chombo kikavu mbali na chupa za amonia, alkoholi na amini.